Upate ngapi kwenye UE ili ufaulu? Namna ya kupiga hesabu kutoka kwenye skrinshoti ya mgawanyo wa alama

Kila muhula ukikaribia mwisho, skrinshoti ya mgawanyo wa alama huzunguka kwenye magrupu ya darasa, na chini yake majibu matatu tofauti kwa swali lilelile. Mmoja anasema anahitaji 16. Mwingine anasema 28. Wa tatu anadai ameshafaulu hata kabla ya kuingia chumba cha mtihani. Hesabu yenyewe ni ya kugawanya na kutoa tu, kwa hiyo tatizo haliko kwenye hesabu. Liko kwenye kusoma ile picha.

Mwongozo huu unatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, wa mgawanyo wa 40 kwa 60 unaotumika sana vyuo vya Tanzania: 40 za kazi za muhula (kwenye karatasi utaona `Coursework` au `CA`) na 60 za mtihani wa mwisho (`UE` au `Final Examination`). Anayesoma Kenya kwa 30 kwa 70 atapata mfano wake mbele kidogo. Njia ni ileile.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Skrinshoti nzima ya mgawanyo, isiyokatwa juu wala chini.
- Alama zako zote zilizorudi, kila moja pamoja na jumla yake. "Nilipata 17" haitoshi. Tunataka 17 kati ya ngapi.
- Alama ya kufaulu ya somo. Mara nyingi haimo kwenye skrinshoti, imo kwenye kanuni za mitihani za chuo.
- Kikokotoo cha simu, au Excel au Google Sheets.
- Karatasi ya mtihani ya mwaka uliopita, kwa hatua ya mwisho.

## Hatua ya 1: Hakikisha picha ni nzima na ni ya somo lako

Kabla ya kugusa kikokotoo, tafuta vitu viwili kwenye picha: msimbo wa somo na mwaka wa masomo. Mhadhiri akibadilika, mgawanyo nao hubadilika, na skrinshoti ya mwaka juzi huendelea kuzunguka kana kwamba ni ya leo. Kama sehemu ya juu imekatwa na huoni mwaka, mwombe mwakilishi wa darasa faili lenyewe.

Kisha tazama chini ya jedwali. Hapo ndipo hukaa mistari midogo ambayo watu huikata ili picha itoshee, na mistari hiyo ndiyo hugeuza jibu. Tafuta maneno kama `best 2 of 3` (zinahesabiwa mbili bora kati ya tatu) na `minimum` au `must obtain at least` (lazima ufikishe kiwango fulani).

Picha ikiwa na ukungu, usikisie tarakimu. WhatsApp hubana picha, na 3 ikibanwa hufanana na 8. Mwambie aliye nayo aitume tena kama `Document`, badala ya kuituma kama picha ya kawaida; hapo haibanwi.

Skrinshoti ya mfano wetu inasomeka hivi:

```
Test 1                       10%
Test 2                       10%
Assignments (best 2 of 3)    10%
Group presentation           10%
Final Examination            60%
Pass mark: 40%
Minimum in Final Examination: 35%
```

## Hatua ya 2: Jumlisha asilimia zote

Jumlisha uzito wa kila kipengele: 10 + 10 + 10 + 10 + 60 = 100. Ikitimia 100, picha ni kamili na unaweza kuendelea.

Ikipungua, kuna mstari umekatwa. Tafuta kilichopotea; usigawe upya mwenyewe. Upungufu wa 5 au 10 mara nyingi ni mahudhurio au jaribio dogo lililoandikwa ukurasa unaofuata.

Ikizidi 100, hapa tulia kidogo, maana hapa ndipo wengi huangukia. Wahadhiri wengine huandika hivi:

```
Coursework            40%
  Test 1              25%
  Test 2              25%
  Assignments         25%
  Presentation        25%
Final Examination     60%
```

Zile 25 nne zinatimiza 100 zenyewe kwa zenyewe. Maana yake ni kwamba kila moja ni robo ya kazi za muhula, na kazi za muhula zote ni 40 tu ya somo. Kwa hiyo `Test 1` haina uzito wa 25 kwenye somo. Ina 25 × 0.40, yaani 10. Ni mgawanyo uleule wa mfano wetu, umeandikwa kwa mtindo mwingine.

Asiyeliona hilo anachukua wastani wake wa kazi za muhula, tuseme 59, analinganisha na alama ya kufaulu ya 40, na kuwatangazia wenzake kwamba somo limekwisha. Yule wa tatu tuliyemtaja mwanzo ni huyu. Ukweli ni kwamba hiyo 59 ikishapitia 0.40 inabaki kama 24.

Kanuni ya kutofautisha: ukiacha mtihani wa mwisho, vipengele vidogo vikijumlika 40, vimeandikwa kwa uzito wa somo zima, vitumie vilivyo. Vikijumlika 100, vizidishe kila kimoja kwa 0.40.

## Hatua ya 3: Geuza kila alama iwe mchango wake kwenye somo

Fomula ni moja:

```
mchango = alama uliyopata / jumla ya alama × uzito
```

Tuseme alama zilizorudi ni hizi: testi ya kwanza 17 kati ya 30, testi ya pili 11 kati ya 25, asaimenti tatu zikiwa 14, 9 na 16, kila moja kati ya 20, na wasilisho la kundi 62 kati ya 100.

Testi ya kwanza: 17 ÷ 30 × 10 = 5.67.

Testi ya pili: 11 ÷ 25 × 10 = 4.40.

Asaimenti: mbili bora ni 14 na 16, jumla 30 kati ya 40. 30 ÷ 40 × 10 = 7.50. Ile 9 inatupwa. Ungeijumuisha kimakosa ungepata 6.50, na ungejipunja alama nzima. Angalizo: kujumlisha moja kwa moja namna hii kunafaa kwa sababu asaimenti zote ni za 20. Kama moja ingekuwa ya 20 na nyingine ya 50, geuza kwanza kila moja kuwa asilimia, chagua mbili bora, kisha tafuta wastani wake. La sivyo ile ya 50 itaimeza ile ya 20.

Wasilisho: 62 ÷ 100 × 10 = 6.20.

Jumla: 5.67 + 4.40 + 7.50 + 6.20 = 23.77 kati ya 40.

Bakiza desimali mbili katika kila mstari. Ukikadiria kila mstari kuwa namba kamili utapata 6 + 4 + 8 + 6 = 24. Tofauti inaonekana ndogo, ila imekupa robo ya alama ambayo huna, na mtu anayecheza mpakani huangushwa na robo kama hiyo.

Usiguse kitufe cha `%` kwenye kikokotoo cha simu. Hakifanyi kazi sawa kwenye simu zote, hasa kikifuata alama ya kujumlisha. Andika kugawa na kuzidisha vyenyewe.

Utajuaje umepatia: hakuna mchango unaozidi uzito wake. Ukiona testi ya uzito wa 10 imekupa 17, umeandika alama ghafi badala ya mchango.

## Hatua ya 4: Toa, kisha gawa

Alama ya kufaulu ni 40, unazo 23.77. Pengo ni 40 − 23.77 = 16.23.

Hiyo 16.23 ni alama kati ya 60, kwa kuwa mtihani una uzito wa 60. Yule aliyesema anahitaji 16 aliishia hapa. Kama karatasi yake inasahihishwa kwa 100 na akapata 16, alama hiyo ikishushwa kuwa ya 60 inakuwa 9.6. Ukijumlisha na 23.77 anapata 33.37, na hiyo ni sapu.

Kwa hiyo gawa kwa uzito wa mtihani:

```
asilimia ya mtihani = (alama ya kufaulu − jumla ya kazi za muhula) / uzito wa mtihani × 100
```

16.23 ÷ 60 × 100 = 27.05. Panda kwenda juu, siyo kwenye namba ya karibu: 28%. Ukiandika 27 utapata 16.2, na jumla itakuwa 39.97. Huenda mfumo wa matokeo ukaipandisha iwe 40, huenda usiipandishe. Usijenge hesabu juu ya huruma ya mfumo.

Kwa fomula hiyohiyo unaweza kuulizia gredi za juu. Badala ya 40 weka kiwango cha gredi unayoitaka kutoka kwenye jedwali la chuo chako. Kwa 50 inatoka 44%, kwa 60 inatoka 61%, na kwa 70 inatoka 78%. Ona ngazi inavyopanda: kila alama 10 za somo zinakudai karibu 17 kwenye karatasi ya mtihani.

Sasa aliye Kenya. Kozi ya 30 kwa 70, alama za CAT na asaimenti zikijumlika 18 kati ya 30, kufaulu ni 40. Pengo ni 22. 22 ÷ 70 × 100 = 31.43, kwa hiyo 32%. Kilichobadilika ni kigawanyo tu, na wanaosahau kukibadilisha, wakagawa kwa 60, hupata 37%. Hilo ni kosa lisilo na madhara, ila ni kosa.

## Hatua ya 5: Pitisha jibu kwenye kizingiti

Jibu la 28% ni sahihi kihesabu na bado lingemwangusha mwenye nalo. Rudi kwenye mstari wa mwisho wa skrinshoti: `Minimum in Final Examination: 35%`.

Mstari huo una maana kwamba hata jumla yako ikifika 40, somo halihesabiwi kuwa limefaulu ikiwa mtihani wenyewe haukufika 35%. Mtu mwenye 23.77 akipata 30% kwenye mtihani anaongeza 18, jumla 41.77. Amevuka 40, na bado anaandikiwa sapu. Malalamiko mengi ya "nimeonewa, nina 41" chanzo chake ni hiki.

Kwa hiyo linganisha namba mbili, uchukue iliyo kubwa. Hesabu inasema 28, kizingiti kinasema 35. Jibu ni 35%, yaani 21 kati ya 60.

Ukitaka kujua mapema kipi kitakubana, tazama hivi: 35% ya mtihani ni 21, na 40 − 21 ni 19. Mwenye 19 au zaidi kwenye kazi za muhula anabanwa na kizingiti. Mwenye chini ya 19 anabanwa na hesabu. Wetu ana 23.77, kwa hiyo zile karibu alama tano za ziada hazimpunguzii mzigo wa kufaulu. Zitamsaidia kwenye gredi tu.

Kipo pia kizingiti cha upande wa pili: chuo kinaweza kudai kiwango cha chini kwenye kazi za muhula ndipo uruhusiwe kuufanya mtihani. Kikiwepo, kikague kabla ya hesabu yoyote, maana ukiwa chini yake hakuna alama ya mtihani itakayokuokoa. Vizingiti hivi havifanani chuo kwa chuo, wakati mwingine hata kitivo kwa kitivo, kwa hiyo usiazime cha rafiki wa chuo kingine.

## Hatua ya 6: Kama kuna alama haijarudi

Ni kawaida kukuta wasilisho la kundi halijasahihishwa hadi wiki ya mtihani. Usiliache wazi, wala usijipe alama unayoitamani. Piga hesabu mara mbili: ukiwa umepata sifuri, na ukiwa umepata zote.

Bila wasilisho, aliye kwenye mfano wetu ana 17.57.

- Wasilisho likiwa 0: pengo ni 22.43, sawa na 37.38%, kwa hiyo 38%.
- Wasilisho likiwa 10 kamili: pengo ni 12.43, sawa na 20.72%, lakini kizingiti kinairudisha 35%.

Jibu lote linacheza kati ya 35 na 38. Alama iliyokuwa inamnyima usingizi ina nguvu ya kuhamisha lengo kwa alama tatu tu za asilimia. Asome kwa lengo la 38 na aache kumsumbua mhadhiri.

Haiwi hivyo kila mara. Kipengele ambacho hakijarudi kikiwa na uzito wa 20, ncha mbili zinaweza kuachana kwa zaidi ya 30. Hapo inafaa kuifuatilia alama hiyo kabla ya kupanga lolote.

## Hatua ya 7: Iweke kwenye Sheets, uache kurudia

Ukiwa na masomo sita, jedwali dogo litakupunguzia makosa. Safu `A` ni jina la kipengele, `B` alama uliyopata, `C` jumla yake, `D` uzito. Mstari wa 2 hadi wa 5 ni vile vipengele vinne. Kwenye asaimenti andika 30 na 40, yaani mbili bora ambazo umeshazijumlisha. Kisha:

```
E2:  =B2/C2*D2        (nakili hadi E5)
E6:  =SUM(E2:E5)
E7:  =ROUNDUP(MAX((40-E6)/60*100,35),0)
```

`E6` itoe 23.7667, yaani 23.77 kwa desimali mbili, na `E7` itoe 35. Zikitoka tofauti, kagua safu `D` kwanza. Andika humo 10, siyo `10%`, maana programu huisoma `10%` kama 0.1.

Weka alama na jumla yake kwenye seli mbili. Ukiandika `11/25` kwenye seli moja, kompyuta au simu yenye mpangilio wa Marekani itaigeuza kuwa tarehe 25 Novemba, na hesabu itatoa namba ya maelfu. Na kama fomula ya `E7` inagoma kabisa, jaribu kuweka `;` badala ya `,` ndani ya mabano; mipangilio ya baadhi ya nchi ndivyo inavyotaka.

Somo lisilo na kizingiti, andika 0 mahali pa 35.

## Hatua ya 8: Geuza asilimia kuwa maswali

"35%" haimwambii mtu asome nini. Fungua karatasi ya mwaka uliopita uangalie jumla yake. Ikiwa ni ya alama 60, unatafuta 21. Ikiwa ni ya 100, unatafuta 35. Usiandike 21 hapo.

Chukua karatasi ya maswali matano, ujibu manne, kila moja alama 15. Jumla ni 60, unatafuta 21. Ukijibu yote manne unahitaji 5.25 kwa kila swali, sema 6. Ukiweza matatu tu, ni 7 kati ya 15 kwa kila moja. Ukitegemea mawili, ni 11 kati ya 15 kwa yote mawili, na hapo nafasi ya kuteleza imekwisha. Ndiyo maana swali la nne lijibiwe hata kwa fasili na mchoro: alama tatu za mwanzo wa swali ni rahisi kuliko tatu za mwisho.

Usisome kwa kulenga 21 hasa. Wengi tukijisahihisha wenyewe huwa wakarimu kuliko msahihishaji. Lenga 27 au 28 kati ya 60 kwenye majaribio ya nyumbani, uwe na akiba.

## Majibu yanayoashiria umekosea

Chini ya sifuri. Katika 40 kwa 60 yenye kufaulu kwa 40, haiwezekani kutoka hasi, kwa sababu kazi za muhula haziwezi kuzidi 40. Ukiipata, umesoma uzito wa ndani kama uzito wa somo. Rudi hatua ya 2.

Zaidi ya 100. Kwa mgawanyo huohuo na kufaulu kwa 40, hata mwenye sifuri kwenye kazi za muhula anahitaji 66.67% tu, yaani 67. Ukipata zaidi ya hapo, umebadilisha namba mahali fulani. Lakini mgawanyo ukiwa 60 za muhula na 40 za mtihani, kufaulu ni 50, nawe una 8, pengo ni 42 kwenye mtihani wa 40: inatoka 105%, na hilo ni jibu la kweli. Hapo soma kanuni za sapu za chuo chako, hasa sehemu inayoeleza kama alama za muhula zinabebwa kwenda kwenye sapu au zinaachwa, maana hesabu ya sapu huanzia hapo.

Jibu halibadiliki ukibadilisha alama ya testi. Hili siyo kosa. Umebanwa na kizingiti, na fomula inafanya kazi yake.